Rocket League ya watatu bila matusi: mwongozo wa kijana anayetaka kupanda renki akiwa amezima chati

Mpwa wangu ana miaka 15. Mwaka jana alikuja sebuleni na pedi mkononi, macho mekundu, akaniambia, "Mjomba, nimepitwa na mpira mara moja tu, ona walivyoniandikia." Pembeni ya skrini kulikuwa na mistari mitatu inayofanana: "What a save!", "What a save!", "What a save!" Kwa maneno yenyewe ni sifa, kama kumwambia kipa "aisee, umedaka!" Ila akiambiwa aliyetoka kufungwa kizembe, hiyo ni kejeli, na wachezaji wote wa Rocket League wanaijua. Hakuna tusi pale, kwa hiyo hakuna kichujio cha maneno kitakachoikamata.

Nikachukua pedi, nikazima chati. Baada ya wiki akarudi na swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza kuhusu gemu: "Sasa nitajuaje mwenzangu anataka kufanya nini?"

Utajua kwa gari lake. Kwenye mechi za watatu kwa watatu, gari la mwenzako lilipo, linapoelekea na kasi yake vinakueleza karibu kila kitu ambacho angekuandikia, tena mapema kuliko angeandika. Anayejifunza kuyasoma magari hapati hasara yoyote kwa kufunga chati. Mwongozo huu unahusu hilo, na nimeuandika kwa kijana anayejua tayari kuendesha na kugonga mpira lakini amekwama Dhahabu au Platinamu, yaani renki zinazosomeka "Gold" na "Platinum".

Kwa mzazi anayesoma bila kulijua gemu hili: ni mpira wa miguu unaochezwa na magari ndani ya uwanja uliozungushiwa kuta na kufunikwa juu, watatu kila upande, dakika 5. Lilitoka 2015, na tangu Septemba 2020 ni la bure kwenye PS4, PS5, Xbox, Switch na kompyuta. Kwenye Plestesheni halidai usajili wa kulipia ili kucheza mtandaoni. Lile la simu, Sideswipe, ni ndugu yake lakini si gemu lilelile. Magari yanaonekana kwa ubavu tu na timu kwa kawaida ni za mmoja au wawili, kwa hiyo mengi ya hapa chini hayataliingia.

Hatua ya kwanza: funga mlango kabla ya mechi, si katikati ya ugomvi

Ingia "Settings", kisha ukurasa wa "Chat". Kuna mahali pa kuchagua nani anaweza kukuandikia. Unaweza kuruhusu watu wote, timu yako tu, ujumbe wa haraka wa timu tu, au usipokee chochote. Sauti ina swichi yake peke yake, kwa hiyo ukifunga maandishi usidhani umefunga na sauti. Kagua zote mbili.

Ushauri wangu ni kwenda kwa vipande viwili. Wiki mbili za kwanza zima kila kitu. Lengo ni kumlazimisha kijana aangalie magari, kwa sababu macho yaliyozoea kusoma pembeni ya skrini huchelewa kurudi kwenye mpira. Baada ya hapo fungua ujumbe wa haraka wa timu peke yake. Huu ni ule unaotumwa kwa kubonyeza vishale vya pedi mara mbili, na maneno yake yamepangwa tayari, hakuna anayeandika la kwake.

Ukifika hapo, badilisha ulivyopangwa. Gemu linakupa nafasi 16 za ujumbe, na nyingi ni kelele. Mpwa wangu alibakiza nne anazozitumia: "I got it!" anapouendea mpira, "All yours." anapouacha, "Defending..." anapokuwa wa mwisho nyuma, na "Sorry!" anapokosea. "Need boost!" tuliiondoa. Mwenzako hawezi kukupa busti yake, yaani mafuta ya gari ya kuongeza kasi na kupaa, kwa hiyo ujumbe huo ni malalamiko tu. Zile za sifa nazo tuliziweka kando, maana mkono ukiwa na hasira huzikimbilia zenyewe. Hata yeye aliwahi kumtumia mwenzake "What a save!", akanificha, nikaja kuiona mwenyewe nilipokaa nyuma yake.

Bado kuna dirisha moja wazi. Mtu mliyecheza naye anaweza kukufuata kwa ujumbe wa mashine yenyewe, nje ya gemu. Kwenye Plestesheni au Xbox nenda mipangilio ya faragha uweke kwamba marafiki pekee ndio wanaoweza kukutumia ujumbe. Na kama unacheza kwenye kibanda cha gemu, kagua mipangilio kila unapokaa, kwa sababu aliyekutangulia anaweza kuwa ameacha kila kitu wazi.

Hatua ya pili: kamera na mtandao, haraka

Huwezi kusoma magari usiyoyaona. Kamera linayokuja nayo gemu imebana mno. Kwenye ukurasa wa "Camera", weka "Field of View" 110, "Distance" kama 270, "Height" 100 au 110, "Angle" kati ya -3 na -5, kisha zima "Camera Shake". Siku mbili za mwanzo utahisi gari limekwenda mbali. Vumilia, usirudi nyuma.

Kuhusu mtandao, kwenye sehemu ya kutafuta mechi kuna orodha ya kanda za seva. Ukiwa Dar, Mombasa au Kampala, jaribu Afrika Kusini, Mashariki ya Kati na Ulaya, kila moja mechi kadhaa za kawaida, ukiangalia pingi, yaani kipimo cha ucheleweshaji wa mtandao, kwenye ubao wa matokeo. Baki na yenye namba ndogo inayokupatia mechi bila kusubiri sana. Kama pingi inapita 100 na huna namna, usiwe mtu wa kugombea mipira ya nusu kwa nusu, kwa sababu utakuwa unafika ukiwa umeshachelewa. Jizoeze kubaki hatua moja nyuma zaidi ya wenzako.

Hatua ya tatu: nafasi tatu, na mzunguko

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo matusi mengi huzaliwa. Mechi za renki za chini huchezwa kama chandimu: mpira ukienda kona, wote watatu wako kona. Wawili wanagongana, mpira unatoka, lango liko tupu, kisha kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa maandishi. Ukiondoa chandimu, sababu ya kulaumiana inapungua sana.

Mzunguko ni hivi. Kila wakati kuna wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hizo si kazi za kudumu kama beki au winga. Zinabadilika kila sekunde chache.

Wa kwanza ndiye aliye karibu na mpira na anayeugombea. Hadaiwi kufunga. Anachodaiwa ni kuhakikisha adui hapati mguso wa bure. Akishagusa, au akishakosa, kazi yake imeisha na anatoka. Kosa linalotukwamisha wengi ni la kugusa mara ya pili. Umepiga, mpira umegonga ukuta ukarudi karibu nawe, mkono unawasha, unageuka kuufuata. Wakati huohuo mwenzako wa pili, aliyeona umemaliza, naye ameshaingia kwa kasi. Mnagongana. Kanuni ya kijana anayejifunza iwe ngumu kidogo kuliko ya wakubwa: mguso mmoja, kisha toka. Ukipanda renki utajua ni lini pa kuivunja.

Wa pili hukaa mahali ambapo mpira utaangukia baada ya wa kwanza kuugombea. Umbali wake naupima kwa muda: mpira ukitoka, aweze kuufikia ndani ya sekunde moja hadi mbili. Akiwa karibu zaidi, mpira unampita yeye na wa kwanza kwa pigo moja. Akiwa mbali zaidi, adui anapata nafasi ya kuutuliza. Kama mpira uko kona ya kushoto ya adui, wa pili hayuko kona. Yuko katikati, mbele ya lango la adui lakini nyuma kidogo, uso wake umeelekea mpira.

Wa tatu ndiye wa mwisho. Mpira ukiwa kona ya adui, yeye yuko karibu na mstari wa kati. Mpira ukiwa upande wetu, yeye yuko langoni. Sheria yake ni moja tu, nayo ni ngumu kwa kijana mwenye damu ya moto: haruki kugombea mpira asiokuwa na hakika wa kuufikia kwanza. Akikosa yeye, hakuna mwingine.

Sasa kutoka. Unapomaliza kazi ya wa kwanza, usirudi kwa kukata katikati mbele ya anayeingia. Unamziba na kumpokonya mpira bila kukusudia. Mpishe, pita pembeni, rudi mbio. Ukifika kwenye lango lenu, ingia kwa nguzo ya mbali, yaani ile iliyo upande usio na mpira. Mpira uko kushoto, ingia kwa nguzo ya kulia. Ukiingia kwa nguzo ya karibu, gari lako linakwenda huku mgongo umegeukia uwanja, na ukigusa mpira kuna hatari ya kuusukumia wavuni mwako. Ukiingia kwa nguzo ya mbali, unageuka ukiwa unaliona lango zima na mpira uko mbele ya uso wako, kwa hiyo kila mguso wako unautoa nje.

Zoezi la kuliingiza hili kichwani hugharimu mechi tatu tu. Cheza huku ukijisemea kwa sauti namba yako: "Wa tatu… wa tatu… wa pili… wa kwanza, nimegusa, natoka… wa tatu." Mama yake aliuliza kama mtoto anaanza kuongea peke yake. Ndiyo, kwa siku mbili hivi. Utakachogundua haraka ni kwamba kuna nyakati hujui namba yako. Hizo ndizo nyakati unazofungwa.

Busti ndiyo inayovunja mzunguko

Uwanja una busti kubwa 6, nne kwenye kona na mbili pembeni katikati, na kila moja inajaza tangi lote hadi 100. Ikichukuliwa hurudi baada ya sekunde 10. Halafu kuna ndogo 28 zilizotandazwa chini, kila moja inatoa 12 na kurudi baada ya sekunde 4.

Kijana anayejifunza huona zile sita tu. Anatoka kwenye mpira, anaacha njia yake ya kurudi, anakwenda kona kuchukua kubwa, anakuta adui ameshaichukua, na sasa yuko pembeni, hana busti wala nafasi. Wakati huo angerudi moja kwa moja juu ya ndogo tatu au nne angekuwa na 36 hadi 48, na yuko langoni. Kiasi hicho kinatosha kuruka na kuokoa mpira mmoja.

Jifunze njia moja ya ndogo kila upande wa uwanja, kutoka mstari wa kati hadi nguzo ya mbali. Fungua mazoezi ya peke yako, yanayoitwa "Free Play", usiguse mpira kabisa, endesha njia hiyo dakika 5 mpaka huhitaji kutazama chini. Inachosha, najua. Lakini ni zoezi pekee ninalolijua linalopandisha mtu renki bila kumfundisha kugonga mpira vizuri zaidi.

Mpira wa kuanzia, bila kuulizana

Mpira unapoanza, magari hupangwa katika nafasi tofauti. Aliye karibu zaidi na mpira ndiye anayeuendea. Kama wawili mko sawa, mazoea ya wachezaji dunia nzima ni kwamba wa kushoto anakwenda, kushoto ukiwa unautazama mpira. Mwingine anasogea mbele kidogo kuusubiri utakapotokea, na wa tatu anafuata busti kubwa ya kona iliyo upande wenu kisha anarudi langoni. Kila mmoja huanza na 33.

Kwa kuwa chati imefungwa, mtazame wa kulia kwa nusu sekunde ya kwanza. Kama wewe ni wa kushoto lakini yeye ameshawasha busti na kuchomoka, mwachie. Haki ilikuwa yako, sawa, ila wawili mkienda mmefungwa, na hakuna refa wa kukurudishia.

Hatua ya nne: mwenzako asiyezunguka

Hapa ndipo vijana huniambia mwongozo wote ni bure. "Mjomba, mimi nazunguka, wenzangu hawazunguki." Ni kweli. Kwenye mechi za kupangiwa utapata wenzako usiowajua, na mara kwa mara mmoja wao ni mkimbiza mpira: popote ulipo, yupo.

Usimrekebishe. Huwezi, na hata ungekuwa na chati usingeweza. Wewe mhesabu tu kuwa ni wa kwanza wa kudumu. Baada ya hapo mmebaki wawili mnaozunguka, wa pili na wa tatu, na wewe chagua ile ambayo mwenzako yule mwingine haichezi. Ikitokea wote wawili ni wakimbizaji, wewe ni wa tatu mechi nzima. Haina raha, utagusa mpira mara chache, lakini utafungwa mabao machache, na mipira yote inayotoroka kwenye msongamano wao itakuja kwako ukiwa na uso mbele na busti mfukoni. Mpwa wangu huziita mechi hizo "zamu ya ulinzi".

Unamtambuaje mapema? Dakika ya kwanza mtazame anavyofanya baada ya kugusa. Akigeuka kuondoka, ni mzungukaji. Akigeuka kuufuata tena mpira mara mbili mfululizo, umeshapata jibu, panga mechi yako kwa hilo.

Kuna pia uchokozi usiohitaji chati. Mwenzako anasimama tu bila kucheza, au anasukuma mpira kwenye lango lenu, au anapiga kura ya kusalimu amri mkifungwa bao la kwanza. Kura hiyo haipiti mpaka kila aliyebaki kwenye timu akubali, kwa hiyo ipuuze, itapotea yenyewe. Wa kusimama au kujifunga makusudi mripoti kupitia orodha ya wachezaji ukisimamisha menyu, kisha endelea. Usiripoti mtu kwa kucheza vibaya, hilo si kosa. Wala usiondoke katikati ya mechi ya ushindani, kwa sababu adhabu yake ni kufungiwa kwa muda, na muda huo hurefuka kila unaporudia.

Hatua ya tano: marudio ya bao moja

Mechi ikiisha, hifadhi marudio pale kwenye skrini ya matokeo kabla hujatoka. Marudio ya Rocket League si video ya kutazama tu. Unaweza kusimamisha, kupunguza kasi, kuingia kwenye kamera ya mchezaji yeyote wa pande zote mbili, na kuona alikuwa na busti kiasi gani. Kwa asiye na mwalimu, hiki ni chombo kikubwa. Kama uko kwenye kibanda, yatazame palepale, usitegemee kuyakuta kesho.

Usitazame mechi nzima. Chagua bao moja mlilofungwa, rudisha nyuma sekunde kumi. Nakupa moja tulilolichambua pamoja.

Matokeo yalikuwa 1 kwa 1. Bao liliingia saa ya mechi ikisoma 2:05. Kabla ya kuanza nilimuuliza mpwa kosa lilikuwa la nani. Akajibu bila kufikiri, "La yule mwenzangu wa katikati, kakosa shuti mbele ya lango."

Tukarudi 2:15. Mpira uko kona ya kulia ya adui. Mwenzake mmoja yuko nao pale, wa kwanza. Mwingine anasogea katikati, wa pili. Mpwa ni wa tatu, yuko karibu na mstari wa kati, kama inavyotakiwa. Mpaka hapo safi.

2:14. Busti yake ni 22. Anauacha mstari wake, anakwenda pembeni kushoto kufuata busti kubwa ya katikati ya uwanja. Tukaingia kwenye kamera yake: kisahani cha busti hiyo kilikuwa kimezimika, adui alishakichukua. Aliona, lakini akaendelea kwenda sekunde nzima kabla ya kugeuka. Pembeni ya njia yake kulikuwa na ndogo tatu ambazo hakuzigusa.

2:09. Wa kwanza anaupeleka mpira katikati. 2:08, wa pili anapiga, adui anauzuia, mpira unapaa kurudi kuelekea mstari wa kati. Adui mwingine anaufuata kwa kasi kutoka kwake. Mpwa anarudi katikati akiwa mwendo mdogo, busti bado 22.

2:07. Anaruka kuugombea. Adui, aliyekuja na kasi na tangi karibu limejaa, anagusa kwanza. Mpira unampita juu. 2:05, wavuni, lango tupu.

Nikasimamisha pale pale bao linapoingia, nikamwambia aingie kwenye kamera ya yule aliyekuwa wa kwanza. Alikuwa ameshapita mstari wa kati akirudi, busti 60. Alichelewa kama sekunde mbili tu.

Kwa hiyo swali lilikuwa: ungezipata wapi sekunde mbili? Jibu ni kusindikiza. Badala ya kuruka, unageuka kuelekea lango lako, unakimbia sambamba na adui mwenye mpira, wewe ukiwa kati yake na lango, humgusi, unamnyima tu nafasi ya kupiga moja kwa moja. Analazimika kupunguza mwendo au kupiga mapema. Hizo ndizo sekunde mbili. Mwenzako anafika, sasa mko wawili.

Shuti lililozuiwa halikuwa kosa. Mashuti huzuiwa kila mechi, na ndiyo maana kuna wa tatu. Makosa yalikuwa mawili na yote yalikuwa ya mpwa: kuacha njia kwa ajili ya busti isiyokuwepo, na kuruka akiwa wa mwisho bila hakika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo ningekuwa na chati ningemtukana bure."

Andika kila bao kwa mistari mitatu kwenye daftari: nilikuwa namba ngapi, busti yangu ilikuwa ngapi, niliamua nini sekunde tano kabla. Usiandike lolote kuhusu mwenzako, hata kama kweli alikosea. Huyo hutakutana naye tena, na huwezi kumfanyia mazoezi. Ukiwa na mabao 15 kwenye daftari, yasome kwa pamoja. La mpwa lilionyesha "namba: sijui" mara sita na "niliruka nikiwa wa tatu" mara tano. Hapo ukajua mwezi mzima unafanyia kazi nini.

Hatua ya sita: muda

Hili fupi. Kwa mwanafunzi, saa moja kwa siku tatu za wiki inatosha: dakika 10 za mazoezi ya peke yako, mechi tatu au nne za ushindani, kisha bao moja la marudio. Mechi za ushindani hufunguka akaunti ikishapanda leveli kadhaa, na 10 za mwanzo ni za kukupima na kukupangia renki, kwa hiyo usishangae zikiyumba.

Ukipoteza mbili mfululizo, zima. Nimeona mara nyingi kwenye daftari la mpwa kwamba mechi ya tatu baada ya mbili za kupoteza ndiyo yenye miruko mingi ya wa tatu. Hasira haiandikwi tu kwenye chati, inaingia hadi kwenye kidole kinachoshika busti.

Utajuaje unapanda

Renki ni kipimo cha polepole na kinayumba kwa bahati ya wenzako. Hesabu badala yake mambo mawili kwa kila mechi kumi: mara ngapi uligongana na mwenzako mkifuata mpira mmoja, na mara ngapi mlifungwa wewe ukiwa wa mwisho na umeruka. Mpwa alianza na migongano kama mitatu kila mechi. Baada ya miezi miwili ilikuwa mmoja katika mechi mbili, ndipo renki ikafuata, Dhahabu ya pili hadi Platinamu ya tatu.

Ukifika Almasi, yaani "Diamond", mzunguko huu mgumu utaanza kukubana. Adui watapasiana kutoka ukutani, na wa tatu anayebaki mstari wa kati kila mara atakuwa mbali mno na mchezo. Hapo utaanza kumsogeza mbele, na kanuni ya mguso mmoja utailegeza. Pia ndio wakati wa kutafuta wawili wa kudumu, wa shuleni au mtaani, na kuwasha sauti kwa ajili ya hao tu. Mpwa amepata mmoja, binti wa jirani wa miaka 16 ambaye ni mzuri kuliko yeye langoni. Wakicheza wanasema maneno matatu tu mechi nzima: "wangu", "wako", "narudi". Nafasi ya tatu bado wanapangiwa mtu, na chati yake bado imezimwa.